Shajara ya karatasi moja ya bei: duka la jumla, Morogoro, Aprili hadi Julai 2025

14 Aprili 2025: tunaanzia wapi

Duka letu la jumla liko upande wa Msamvu. Wateja wetu ni maduka ya mtaani ya Kihonda, Mkundi na Mazimbu, pamoja na yale yaliyo njia ya Sangasanga kwenda Mzumbe na Mlali. Mpaka leo bei zetu zinaishi kichwani mwa shemeji yangu na kwenye daftari la kaunta. Mwenye duka akipiga simu anatajiwa bei moja moja, anaandika pembeni ya gazeti, na kesho yake anapiga tena kuuliza zilezile.

Ninachotaka kutengeneza ni karatasi moja ya A4, upande mmoja tu, yenye bei ya katoni, faida ya mwenye duka na masharti ya kuagiza. Naandika hatua zote, na gharama zake, ili mwenye duka la jumla mwingine aweze kuiga bila kulipia makosa yaleyale.

Tuna bidhaa zaidi ya 140. Nimepitia risiti za miezi miwili na kuchagua 22 zinazorudi karibu kila oda. Sukari nimeiacha nje makusudi. Mwanzoni mwa 2024, sukari ilipoadimika, Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo, na wiki zile kila bei ya sukari iliyokuwa imeandikwa popote ilikosa maana. Bidhaa ya namna hiyo mtu apige simu aulize.

17 Aprili: rasimu ya kwanza

Nimeipanga kwenye kompyuta ya dukani kwa safu tano: bidhaa, katoni ina vipande vingapi, bei ya katoni, bei ya kuuzia kipande, asilimia ya faida. Chini kuna mistari mitatu ya masharti.

Kosa moja limeshikwa kabla ya kuchapa. Bei ya tambi niliitoa kwenye ankara ya mauzo, mstari wa kabla ya kodi, sh 18,644 kwa katoni. Zingine zote nilikuwa nimezitoa kwenye jumla ya risiti ya mashine, ambayo tayari ina VAT ya asilimia 18. Tambi ikaonekana rahisi ajabu. Bei yake halisi ni sh 22,000. Shemeji ndiye aliyeigundua, kwa sababu yeye anajua bei kwa mazoea.

Karatasi hii lazima iwe na bei zilizokwishajumlisha VAT, zote. Tangu 1 Julai 2023 kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili VAT ni sh milioni 200 kwa mwaka, na maduka mengi tunayohudumia hayafiki hapo. Kwa hiyo hawana mahali pa kuidai kodi waliyotulipa. Kwao kodi hiyo ni sehemu ya bei ya kununulia, na ukiwaonyesha bei bila kodi unakuwa umewaonyesha faida ambayo haipo.

Nimechapa nakala 30 za rangi kwa sh 500 kila moja, jumla sh 15,000. Nakala 20 nimezifanyia laminesheni kwa sh 1,000 kila moja, nikazitoboa tundu juu ili zitundikwe. Hiyo ni sh 20,000 nyingine.

24 Aprili: asilimia imetuingiza kwenye ubishi

Kaka mmoja wa Kihonda amerudi na karatasi mkononi. Kwenye sabuni ya unga ya nusu kilo tuliandika faida ya asilimia 22. Yeye anaweka hesabu ya duka lake kila jioni, na anasema kwenye mauzo yake ya sabuni ile hajawahi kuona asilimia 22, anaona 18.

Yuko sahihi. Katoni ya pakiti 24 ni sh 43,200, yaani pakiti moja sh 1,800. Anaiuza sh 2,200. Tofauti ni sh 400. Mimi niligawanya 400 kwa 1,800, bei ya kununulia. Yeye anagawanya kwa 2,200, pesa iliyoingia kwenye droo. Kwenye kompyuta tofauti ni herufi moja tu mwishoni:

```
=(C2-B2)/B2    22.2%
=(C2-B2)/C2    18.2%
```

B2 ni bei ya kununulia kipande na C2 ni bei ya kuuzia. Hesabu zote mbili zina matumizi yake. Ya kwanza inakusaidia kupanga bei kutoka kwenye gharama. Ya pili inakwambia kati ya kila shilingi mia iliyoingia, ngapi zimebaki za kulipia kodi ya fremu, umeme na mshahara. Mwenye duka anaishi na hiyo ya pili. Ukimpa ya kwanza bila kumwambia ni ipi, umemwongezea faida kwa kalamu.

Nilidhani dawa ni kubadilisha fomula. Kabla sijafanya hivyo nimekaa na wateja sita, mmoja mmoja, nikawauliza wanasoma nini kwanza kwenye karatasi. Hakuna aliyesema asilimia. Mama mmoja wa Mzumbe amenieleza hivi: "Mwanangu, mimi nikichukua katoni moja nataka kujua ikiisha nabaki na shilingi ngapi mkononi. Hiyo asilimia siwezi kwenda nayo sokoni."

Kwa hiyo safu ya asilimia imeondoka kabisa. Imekuja safu mbili: *katoni ikiisha unapata* na *kwako inabaki*. Sabuni ya unga sasa inasomeka sh 52,800, na chako sh 9,600. Tangu tubadilishe, ubishi wa hesabu kaunta umekwisha.

6 Mei: dumu la mafuta lisilotimia

Hili ndilo kosa lililonifundisha zaidi, nalieleza kwa kirefu.

Mafuta ya kula tunauza kwa dumu la lita 20, sh 96,000. Wenye maduka hawauzi lita nzima nzima, wanapima. Robo lita inauzwa sh 1,500, kwa hiyo lita moja inaleta sh 6,000 na dumu zima sh 120,000. Karatasi ikaandika: kwako inabaki sh 24,000.

Mama yuleyule wa Mzumbe amekuja na daftari. Aliuza dumu zima kwa kupima, akaandika kila shilingi kwa siku kumi na moja, akapata sh 112,000. Swali lake la kwanza lilikuwa la haki kabisa: "Dumu lenu limejaa kweli?"

Tukapima dumu tatu ambazo hazijafunguliwa, mbele yake, kwenye mizani ya kupimia mchele. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ina uzito wa takriban kilo 0.92, kwa hiyo lita 20 zinapaswa kuwa kilo 18 na nusu pungufu kidogo, ukishatoa uzito wa dumu tupu. Dumu tupu letu lina kilo 1. Zote tatu zilikuwa kati ya kilo 19.3 na 19.4. Zimejaa. Anayenunua dumu afanye jaribio hili kabla ya kulaumu kipimo chake, kwa sababu likipungua kilo nzima hapo tatizo liko kwa aliyekuuzia, halipo kwenye kipimo chako.

Basi sh 8,000 zilikwenda wapi? Siku ya pili nilikwenda nikakaa dukani kwake asubuhi nzima. Kipimo chake cha robo ni kikombe cha bati, na kikombe kikijaa hadi ukingoni kinachukua zaidi ya robo lita kidogo. Tulikijaza maji, tukamimina kwenye chupa yenye alama za mililita: 265 badala ya 250. Kwa kipimo hicho dumu linatoa robo 75 badala ya 80, na robo tano zilizopotea ni sh 7,500. Kilichobaki kimegandia kwenye kuta za dumu na kwenye mpira wa kunyonyea.

Ningeweza kumwambia anunue kipimo chenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, na nimemwambia. Lakini amenikumbusha kwamba jirani yake anajaza hadi ukingoni, na wateja wanaangalia ukingo. Akipunguza yeye peke yake, watahama. Kwa hiyo karatasi ndiyo inayopaswa kusema kweli: dumu likiisha unapata sh 112,000, kwako inabaki sh 16,000.

Baada ya hapo nimepitia bidhaa zote zinazouzwa kwa kukatwa au kupimwa. Sabuni ya mche imetoka salama: katoni ya miche 10 ni sh 28,000, mche una vipande saba vyenye alama, kila kipande sh 500, katoni ikiisha sh 35,000, kwako sh 7,000. Vipande vimeshachorwa na kiwanda, mkono hauwezi kukosea sana. Vya kupimwa kwa kikombe tumeviandika kwa kiasi kilichopatikana kwenye duka la mtu, si kwa kugawanya kwenye kompyuta. Imenichukua wiki nzima ya kwenda na kurudi na sh 18,000 za bodaboda.

19 Mei: karatasi zisizokufa

Mafuta yamepanda kutoka sh 96,000 hadi 99,000. Nakala zenye laminesheni bado zimetundikwa. Wateja kumi na mmoja wamekuja na karatasi yenye jina letu inayosema 96,000, na tumewauzia dumu 14 kwa bei hiyo. Hasara ni sh 42,000. Shemeji alitaka kukataa. Mimi niliona kwamba kama tukiikana karatasi yetu mara ya kwanza tu, hakuna atakayeisoma ya pili, na yeye akakubali kwa shingo upande.

Tundu la kutundikia nalo limeleta neno. Duka moja la Mazimbu waliitundika ukutani nyuma ya kaunta, mnunuzi akaisoma, akauliza kwa nini auziwe pakiti sh 2,200 wakati hapo pameandikwa katoni 43,200. Mwenye duka amenirudishia karatasi na amekasirika, na ana sababu. Nilimwekea siri ya biashara yake ukutani.

Marekebisho: laminesheni na tundu havipo tena. Karatasi ni nyeusi na nyeupe, inakunjwa mara mbili, inakaa kwenye droo ya pesa. Juu kabisa, kwa herufi kubwa kuliko jina la duka, pameandikwa *Bei hizi mwisho tarehe ....* na tarehe inapigwa muhuri. Muda ni siku 14. Bei ya mafuta haichapwi. Kuna kisanduku kitupu tunakijaza kwa kalamu siku tunayoikabidhi, na pembeni yake pamechapwa *dumu likiisha unapata 112,000*, ili mtu atoe mwenyewe. Fotokopi ni sh 100, nakala 60 kila wiki mbili ni sh 6,000. Ni nafuu kuliko hasara ya sh 42,000.

2 Juni: usafiri

Mstari wa masharti wa rasimu ya kwanza ulisema "tunafikisha mpaka dukani". Sikuandika kwa nani wala kuanzia katoni ngapi. Wiki iliyopita maduka matatu ya Mlali yaliagiza jumla ya katoni 22 na kirikuu kikaenda. Mafuta ya gari sh 35,000, kibarua sh 10,000, jumla sh 45,000. Faida yetu kwa katoni, tukichanganya bidhaa zote, ni kama sh 1,600, kwa hiyo katoni 22 zimetuletea sh 35,200. Tumetoka na hasara ya sh 9,800, na mvua za masika zilikuwa zimeharibu njia, gari limerudi usiku.

Nilijaribu safu mbili za bei, *ukija mwenyewe* na *ukifikishiwa*. Nilimpa rasimu hiyo kaka wa Kihonda, akasoma bei ndogo na kuuliza mzigo utafika saa ngapi. Wengine wawili wakafanya vilevile. Kukiwa na bei mbili kwenye mstari mmoja, jicho linachukua ile ndogo. Nimeifuta siku hiyohiyo.

Kilichobaki ni bei moja, ya kuchukulia dukani kwetu, na kisanduku cha usafiri chini yake. Kihonda, Mkundi na Mazimbu: bure kuanzia katoni 10. Mzumbe na Mlali: sh 800 kwa katoni, kila Jumatano, oda zinafungwa Jumanne saa 10 jioni. Hesabu ya 800 ni hii: kirikuu kinabeba katoni 60, mara 800 ni sh 48,000, inalipa safari na kubakiza kidogo. Zikifika 40 tunapata sh 32,000 ya usafiri na tunafidia 13,000 kutoka kwenye faida yetu, tunaweza kuvumilia. Chini ya 40 tunawapigia simu Jumanne jioni kwamba mzigo unasogea Jumatano ijayo, na karatasi inalisema hilo wazi.

Mama wa Mzumbe ameomba kitu ambacho sikukifikiria. Anataka safu ya *kwako inabaki* itoe hizo 800 kwa maduka ya njia yake. Tumemchapia toleo la njia ya Mzumbe, ambalo kila faida imepunguzwa 800. Sabuni ya unga inasoma 8,800 badala ya 9,600. Matoleo mawili yanaongeza kazi, lakini kwa tambi tofauti ni kubwa: katoni ya pakiti 20 ya sh 22,000 ikiisha kwa sh 1,400 pakiti inaleta 28,000, kwako 6,000 ukiwa Kihonda na 5,200 ukiwa Mlali. Kwa chumvi ni kubwa zaidi. Bando la pakiti 20 ni sh 6,000, ikiisha 8,000, kwako 2,000, na ukilipia usafiri inabaki 1,200. Ndipo tukaamua mabando mawili ya chumvi yahesabiwe usafiri wa katoni moja. Bila toleo la njia tusingeliona.

16 Juni: mali kauli

Masharti ya malipo ya rasimu ya kwanza: "Taslimu au kwa makubaliano." Niliandika "makubaliano" kwa kuona haya kutaja mkopo. Kila aliyesoma alielewa mali kauli, chukua leo ukiuza utaleta. Tangu Aprili tumetoa mzigo wa sh 640,000 kwa watu saba kwa maneno matupu. Zimerudi 510,000. Za mwisho, 130,000, ziko kwa watu wawili, na mmoja ameanza kununua kwingine kwa taslimu kwa sababu anaona aibu kupita kwetu. Tumepoteza pesa, na mteja naye.

Mali kauli hatuwezi kuikataa, biashara ya jumla hapa inatembea nayo. Tulichofanya ni kuiandika. Oda tatu za kwanza ni taslimu au kwa Lipa Namba. Kuanzia ya nne unaweza kuchukua mali kauli, isiyozidi wastani wa oda zako tatu zilizopita, kwa siku 7. Mzigo mpya hautoki kabla deni la zamani halijaisha. Siku 7 zimetoka kwenye daftari la mama wa Mzumbe na mengine mawili: katoni ya sabuni ya unga inaisha kwao kati ya siku tano na nane. Mafuta yanachukua siku kumi na moja, kwa hiyo mafuta hayaingii mali kauli. Mtu asidaiwe kitu ambacho bado kimo kwenye dumu.

Tumeongeza na mstari wa uharibifu: kilichopasuka au kulowa kirudishwe mzigo unaposhushwa, mbele ya dereva. Kesho yake hatupokei.

1 Julai: hakuna karatasi inayovuka leo

Bajeti husomwa Juni na sheria ya fedha huanza kutumika 1 Julai, na ushuru wa bidhaa unaweza kusogea siku hiyo. Toleo la Juni tulilipiga muhuri wa mwisho 30 Juni hata kwa aliyelichukua tarehe 24. Toleo jipya linasubiri ankara za kwanza za Julai, na mpaka zifike tunauza kwa kutaja bei kwa simu kama zamani.

21 Julai: toleo la tano

Hili ndilo lililosimama. Mistari minne kama inavyochapwa kwa Kihonda:

| Bidhaa | Katoni | Ikiisha unapata | Kwako inabaki |
|---|---|---|---|
| Sabuni ya unga ½ kg, pakiti 24 | 43,200 | 52,800 | 9,600 |
| Sabuni ya mche, miche 10 | 28,000 | 35,000 | 7,000 |
| Tambi, pakiti 20 | 22,000 | 28,000 | 6,000 |
| Mafuta, dumu lita 20 | (kalamu) | 112,000 | toa mwenyewe |

Bei ya kuuzia kipande imeondoka kwenye safu. Mzumbe karibu na chuo wanauza pakiti ya tambi sh 1,500, Mkundi 1,400, na si kazi yetu kuwapangia. Chini ya jedwali kuna mstari mmoja unaosema hesabu imefanywa kwa bei gani, ili anayeuza tofauti ajirekebishie.

Bidhaa zimepungua kutoka 22 hadi 16. Fotokopi ya fotokopi ilikuwa inageuza 8 kuwa 3, na namba zilipokuzwa hadi saizi 14 sita zilikosa nafasi. Kwenye watsapu tunatuma picha ya karatasi ileile, si faili, kwa sababu picha inafunguka papo hapo hata kwenye simu ndogo.

Jumatano iliyopita njia ya Mlali imebeba katoni 47. Simu za kuuliza bei zimepungua, zilizobaki karibu zote zinauliza mafuta na sukari. Deni la mali kauli lililo nje leo ni sh 214,000, lote chini ya siku 7, ukiacha zile 130,000 za zamani. Shemeji amesema atakwenda mwenyewe kwa yule anayeona aibu, na karatasi mpya mkononi, amwambie alipe 10,000 kila oda huku akiendelea kuchukua kwa taslimu. Sharti letu linasema mzigo mpya hautoki kabla ya deni kuisha, kwa hiyo itabidi tuandike lini linalegezwa. Hilo ni la toleo la sita.